Historia ya Swali la Kilele: Tangu Pipa la Divai Hata Herufi Nne

Fungueni madaftari yenu na kuweka penseli karibu. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali moja la hesabu: swali la kutafuta kilele, yaani thamani kubwa kuliko zote ambayo kitu kinaweza kufikia. Tutaona lilizaliwaje, na jinsi lilivyoingia katika mitihani ya kuchagua herufi, ambamo mtahiniwa hupewa dakika mbili tu na majibu manne.

Tuanze na swali lenyewe. Lisome mara mbili.

Fundi bati wa Tunduma ana bati la mraba, kila upande una sentimita 60. Katika kila pembe anakata mraba mdogo na kuutupa. Kisha anazikunja pande nne ziende juu, apate sanduku lisilo na mfuniko. Je, ujazo mkubwa kabisa wa sanduku hilo ni sentimita za ujazo ngapi?

A. 10
B. 30
C. 1,600
D. 16,000

Usichague bado. Fikiri kwanza juu ya kazi ya fundi huyu. Akikata pembe ndogo sana, sanduku lake litakuwa pana lakini fupi kama sinia, wala halitachukua mahindi mengi. Akikata pembe kubwa sana, sanduku litakuwa refu lakini jembamba kama bomba, na hilo nalo halitachukua kitu. Kwa hiyo mahali fulani katikati pana kipimo cha kukata kinacholeta ujazo mkubwa kuliko vyote. Tatizo ni kukipata bila kuharibu mabati mia. Weka alama kando ya swali hili. Tutalirudia tukiwa tumepata chombo cha kulifungua.

Pipa la Kepler

Sasa tuondoke Tunduma, tuende Ulaya, mji wa Linz katika nchi ya Austria, mwaka 1613. Huko aliishi mtaalamu wa nyota aliyeitwa Johannes Kepler. Mwaka ule alioa mke wa pili, naye alinunua mapipa ya divai kwa ajili ya nyumba yake. Mwuza divai alikuja kupima pipa. Hakumimina divai wala hakuhesabu vibaba. Alichukua fimbo, akaiingiza katika tundu lililo katikati ya ubavu wa pipa, akaisukuma kwa mshazari mpaka ikagusa pembe ya chini. Kisha akatazama urefu wa fimbo iliyoingia, na kwa urefu huo akataja bei.

Kepler alishangaa. Mapipa mawili yanaweza kuwa na maumbo mbalimbali, moja refu na jembamba, jingine fupi na nene, na fimbo ikaingia sawasawa katika yote mawili. Je, kweli yana divai sawa? Watu wa Mbozi na Momba wanalielewa jambo hili bila kuelezwa sana, maana wanajua lumbesa. Gunia ni gunia, na bei hutajwa kwa gunia. Lakini gunia lililoshonewa kichwa cha juu si sawa na gunia lililofungwa mdomoni. Kipimo kimoja hakisemi yote juu ya kilichomo ndani.

Basi Kepler alifanya hesabu, na mwaka 1615 alitoa kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa ya divai. Aliona kwamba kwa fimbo ya urefu mmoja, liko umbo moja la pipa linalochukua divai nyingi kuliko maumbo mengine yote. Akaona pia kwamba mapipa ya Austria yalikuwa karibu sana na umbo hilo. Kisha akaona jambo la tatu, nalo ndilo tunalolitaka leo. Aliona kwamba karibu na kilele, ukibadili umbo la pipa kidogo, ujazo haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mbali na kilele, badiliko dogo la umbo huleta badiliko kubwa la ujazo. Karibu na kilele, badiliko hilo hufifia na kuwa karibu na sifuri.

Tazama jambo hili kwa namba, ndugu msomaji. Chukua kamba ya mita 20, uikate vipande viwili, kisha uzidishe urefu wa kipande kimoja kwa urefu wa kipande cha pili. Mita 7 na mita 13 huleta 91. Mita 8 na 12 huleta 96. Mita 9 na 11 huleta 99. Mita 10 na 10 huleta 100. Mita 11 na 9 huleta 99 tena, na mita 12 na 8 huleta 96.

Sasa usiyatazame majibu yenyewe, tazama hatua kati ya jibu na jibu. Kutoka 91 hata 96 tumepanda 5. Kutoka 96 hata 99 tumepanda 3. Kutoka 99 hata 100 tumepanda 1. Halafu tumeshuka 1, kisha tumeshuka 3. Mpando umepungua polepole, umefika sifuri, kisha umegeuka kuwa mshuko. Mtu apandaye mlima huyajua haya kwa miguu yake: kabla ya kilele anapanda, baada ya kilele anashuka, na pale juu kabisa ardhi ni tambarare kwa hatua moja.

Hakimu wa Toulouse

Kepler aliliona jambo hili, lakini hakutoa kanuni ambayo mtu yeyote angeweza kuifuata. Kanuni ililetwa na Mfaransa aliyeitwa Pierre de Fermat. Huyu hakuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanasheria na mshauri katika mahakama kuu ya mji wa Toulouse, na hesabu aliifanya wakati wa mapumziko. Aliivumbua njia yake karibu mwaka 1629, na baada ya miaka kadhaa ilisambaa kwa barua mpaka Paris.

Mfano wake mmoja ulikuwa kama ule wa kamba yetu: kugawa mstari vipande viwili ili zao lake liwe kubwa kabisa. Fermat alisema hivi. Kipande cha kwanza kiite x. Kipande cha pili ni 20 − x, na zao ni 20x − x². Sasa kiongeze kipande cha kwanza kidogo sana, na nyongeza hiyo uiite e. Zao jipya ni 20(x + e) − (x + e)². Kwa kuwa kwenye kilele badiliko ni kama halipo, yafanye mazao haya mawili kuwa kama sawa. Yaliyo sawa pande zote mbili yanaondoka, yanabaki haya:

20e − 2xe − e² = 0

Gawa kila kitu kwa e, upate 20 − 2x − e = 0. Kwa kuwa e ni ndogo sana, iache. Imebaki 20 − 2x = 0, yaani x ni 10. Ndilo jibu lile lile tulilolipata kwa kujaribu namba moja moja, lakini safari hii hatukujaribu kitu. Tumefika moja kwa moja.

Lile fungu lililobaki, 20 − 2x, ndicho chombo chetu. Katika somo hili tutaliita kasi ya badiliko. Linatuambia zao linapanda au linashuka kwa kiasi gani kila mahali. Weka x kuwa 7, kasi ni 6, yaani tunapanda. Weka x kuwa 12, kasi ni −4, yaani tunashuka. Weka x kuwa 10, kasi ni sifuri.

Mwezi wa Oktoba 1684, Mjerumani Gottfried Leibniz alitoa makala fupi katika jarida la mji wa Leipzig, na kichwa chake kilitaja waziwazi kwamba ni njia mpya ya kupata vikubwa kabisa na vidogo kabisa. Mwingereza Isaac Newton alikuwa amekwisha kuipata njia kama hiyo karibu miaka 20 kabla, lakini hakuwa ameitangaza. Kanuni ya Leibniz ilifupisha kazi ya Fermat. Hakuna haja tena ya kuandika e na kuifuta. Ukiona x², andika 2x. Ukiona x³, andika 3x². Yaani namba ya kipeo huja mbele, na kipeo hupungua kwa moja. Ukiona x peke yake, andika 1. Namba iliyosimama mbele ya x hubaki kuzidisha. Elimu hii yote ndiyo iitwayo kalkulasi.

Kufungua swali la bati

Sasa turudi Tunduma kwa fundi wetu. Mraba anaokata katika pembe tuupe upande wa x. Akikunja, kimo cha sanduku ni x. Chini, upande wa sanduku ulikuwa sentimita 60, lakini x imekatwa kushoto na x imekatwa kulia, kwa hiyo umebaki 60 − 2x. Ujazo ni kimo mara upande mara upande:

V = x(60 − 2x)²

Ukifungua mabano unapata:

V = 3600x − 240x² + 4x³

Sasa tumia kanuni ya Leibniz, fungu moja baada ya jingine. Kasi ya badiliko ni 3600 − 480x + 12x². Iweke kuwa sifuri na ugawe kila fungu kwa 12:

300 − 40x + x² = 0

Namba mbili zinazotimiza mlinganyo huu ni 10 na 30. Hapa ndipo wengi husimama. Kanuni imetupa mahali pawili, si pamoja. Kwa nini? Kwa sababu kasi huwa sifuri juu ya kilele, na huwa sifuri pia chini ya bonde. Ardhi ni tambarare juu ya mlima, na ni tambarare pia kwenye sakafu ya bonde. Kanuni haijui tofauti. Lazima wewe uitazame.

Fundi akikata sentimita 30 kila pembe, bati lote limekwisha, hapana sanduku. Ujazo ni sifuri. Basi 30 ni bonde. Akikata sentimita 10, upande wa chini ni 40, na ujazo ni 10 × 40 × 40, yaani sentimita za ujazo 16,000. Hizo ni lita 16, pungufu kidogo ya ndoo ya lita 20. Hakikisha kwa kujaribu jirani zake: akikata 9 anapata 15,876, akikata 11 anapata 15,884. Zote mbili ni pungufu ya 16,000. Tena angalia jinsi zilivyo karibu. Fundi akikosea sentimita moja nzima, hasara yake haifiki hata lita robo. Hilo ndilo alilolisema Kepler juu ya mapipa.

Jibu la swali letu ni herufi D.

Swali linaingia katika herufi

Je, swali la Kepler na Fermat lilifikaje kwenye A, B, C na D? Njia hiyo ilianza Marekani. Mwaka 1915 mwalimu Frederick Kelly wa jimbo la Kansas alieneza mtihani wa kusoma ambao kila swali lilikuwa na jibu moja tu lililo sahihi. Alitaka kuondoa mambo mawili: muda mwingi wa kusahihisha, na tofauti za walimu, kwa kuwa mwalimu mmoja humpa mtoto 70 na mwingine humpa mtoto yule yule 50. Mwaka 1917 na 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Marekani lilitumia mitihani ya namna hiyo kwa askari zaidi ya milioni moja. Mwaka 1938 ikatoka mashine ya kusahihisha iliyotokana na wazo la mwalimu mmoja, Reynold Johnson. Mashine hiyo ilipitisha umeme juu ya karatasi. Palipo na alama ya penseli, umeme ulipita.

Mashine ile iliona alama ya penseli tu. Haikuona kurasa za hesabu zilizoandikwa kando.

Mwaka 1956 Bodi ya Vyuo ya Marekani ilianza kuwatahini wanafunzi wa sekondari katika masomo ya ngazi ya chuo, kalkulasi ikiwemo, na maswali ya kilele yakaingia humo. Tuchukue mtihani huo ulivyokuwa mwaka 2017. Ulikuwa na maswali 45 ya kuchagua. Maswali 30 ya kwanza yalipewa dakika 60, bila kikokotoo, yaani dakika mbili kwa swali, kusoma na kufikiri na kuweka alama. Mwaka huo huo majibu ya kuchagua yalipunguzwa kutoka matano hadi manne. Lakini Bodi yenyewe haikuziamini herufi peke yake. Nusu ya alama zote zilitoka katika maswali mengine ambayo mtahiniwa aliandika njia yake na sababu zake, na walimu wakayasoma kwa macho.

Kwetu Tanzania historia ilikwenda kwa namna nyingine. Zamani shule zetu zilifanya mitihani ya Cambridge. Mwaka 1967 lilianzishwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Katika kidato cha sita, ambako kalkulasi hufundishwa, mtahiniwa wa hesabu ameendelea kuandika njia yake. Herufi za kuwekewa kivuli na kusomwa na mashine zilikuja mwaka 2012, lakini kwa mtihani wa darasa la saba, ambao hauna kalkulasi. Kwa hiyo kijana wa Vwawa au Tunduma aliyezoea kupata alama kwa kila hatua, siku akikutana na mtihani wa kalkulasi wa herufi, huingia katika nchi ngeni. Huko hatua tatu sahihi na moja iliyosahaulika ni sifuri.

Majibu ya uongo yanatoka wapi

Usidhani kwamba majibu matatu ya uongo huokotwa ovyo. Mtunga swali hukaa na kujiuliza: mtahiniwa ataishia wapi akiwa hajamaliza? Kila mahali anapoweza kuishia hupewa herufi.

Tazama tena swali la bati. Herufi A ni 10. Huyo ni mtu aliyefanya kalkulasi yote sawasawa, akapata mahali pa kilele, akaona 10 ipo katika majibu, akafurahi na kuiwekea alama. Lakini swali halikuuliza akate wapi. Liliuliza ujazo. Herufi B ni 30, bonde. Huyo hakutofautisha bonde na kilele. Herufi C ni 1,600, yaani 40 × 40. Huyo alihesabu eneo la chini la sanduku akasahau kuzidisha kwa kimo. Kila herufi ya uongo ni kituo cha njiani, na aliyeshuka hapo anadhani amefika.

Kwa hiyo kuona namba yako katika majibu si ushahidi kwamba uko sahihi. Katika mtihani wa kuandika, jibu la ajabu hukushtua nawe ukarudi nyuma. Katika mtihani wa herufi, jibu lisilo kamili linakungojea limechapishwa, nawe hushtuki.

Upo mtego mwingine, nao ni mkubwa kuliko hiyo mitatu, maana humkamata hata aliyemaliza njia yote. Ni mtego wa mpaka.

Tuseme mtu wa Tunduma anataka kuzungushia uzio yadi ya kuegesha malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde. Ana uzio wa mita 60. Upande mmoja una ukuta mrefu uliokwisha kujengwa, kwa hiyo uzio unahitajika pande tatu tu. Kina cha yadi kutoka ukutani akiite x. Pande mbili za kina zinakula 2x, na upande wa mbele unabaki 60 − 2x. Eneo ni 60x − 2x². Kasi ya badiliko ni 60 − 4x, nayo ni sifuri x ikiwa 15. Eneo ni 15 × 30, yaani mita za mraba 450. Hapo hakuna shida.

Sasa ongeza sentensi moja: kina cha yadi kisizidi mita 12, kwa sababu mbele yake kuna hifadhi ya barabara. Sentensi hiyo fupi imebadili kila kitu. Kilele kiko kwenye mita 15, lakini haturuhusiwi kufika huko. Ni kama mtu apandaye Mlima Rungwe akakuta kamba imefungwa njiani kabla ya kilele. Mahali pa juu kabisa anapoweza kusimama ni pale penye kamba, na hapo ardhi si tambarare; bado inapanda. Kasi ya badiliko hapo si sifuri, kwa hiyo kanuni ya Leibniz haitakuonyesha mahali hapo kamwe. Ni wewe unayepaswa kwenda mpakani na kupima. Kina kikiwa mita 12, upande wa mbele ni 36, na eneo ni mita za mraba 432. Hilo ndilo jibu. Na hapana shaka 450 itakuwapo katika majibu, imekaa vizuri, inamngoja aliyeruka sentensi ile.

Dakika mbili

Basi katika dakika mbili mtu afanye nini? Kwanza, kabla ya kuandika x yoyote, apige mstari chini ya kinachoulizwa: ni mahali, au ni thamani? Pili, apige mstari chini ya mpaka wowote uliotajwa: kisizidi, kisipungue, kati ya hiki na hiki. Kazi hizo mbili hazichukui hata nusu dakika, nazo huzuia makosa ambayo hesabu nzuri haiwezi kuyazuia. Kisha afanye kalkulasi yake. Mwisho aandike katika safu moja mahali pote penye kasi ya sifuri na mipaka yote miwili, aweke thamani mbele ya kila mahali, na achukue iliyo kubwa. Kwa bati letu safu hiyo ni 0, 10 na 30, na thamani zake ni 0, 16,000 na 0. Haihitaji kubishana juu ya kilele na bonde. Namba zenyewe zinasema.

Watu wengine husema: kwa nini nisijaribu tu majibu yote manne? Njia hiyo hufaa pale swali linapouliza mahali. Ukiulizwa akate sentimita ngapi, waweza kujaribu kila herufi na kuona ipi inaleta ujazo mkubwa kati ya hizo. Lakini ukiulizwa thamani, herufi hazikupi kitu cha kujaribu. Huwezi kuiweka 16,000 mahali pa x. Ndiyo sababu watunga maswali hupenda kuuliza thamani.

Zoezi la leo

Fanya zoezi hili bila kutazama chini. Jipe dakika mbili, na mwenzako ashike saa.

Bati la mraba lina upande wa sentimita 30. Mraba mdogo unakatwa katika kila pembe, na pande zinakunjwa kuwa sanduku lisilo na mfuniko. Kimo cha sanduku kisizidi sentimita 4. Ujazo mkubwa kabisa ni sentimita za ujazo ngapi?

A. 4
B. 5
C. 1,936
D. 2,000

Sasa tusahihishe pamoja. Ujazo ni x(30 − 2x)², yaani 900x − 120x² + 4x³. Kasi ya badiliko ni 900 − 240x + 12x². Ukigawa kwa 12 unapata 75 − 20x + x², nayo ni sifuri x ikiwa 5 au 15. Yote mawili yako nje ya mpaka wa sentimita 4. Kwa hiyo kati ya 0 na 4 hakuna mahali penye kasi ya sifuri. Zinabaki ncha mbili tu. Kwenye 0 ujazo ni sifuri. Kwenye 4 upande wa chini ni 22, na ujazo ni 4 × 22 × 22, yaani 1,936. Jibu ni C.

Aliyechagua D alifanya kalkulasi sawasawa lakini aliruka neno "kisizidi". Aliyechagua B aliruka neno hilo, kisha akaacha pia kuuliza kama ni mahali au ni thamani. Aliyechagua A aliukumbuka mpaka, lakini akasimama hatua moja kabla ya mwisho. Andikeni katika madaftari, kando ya kila herufi, ni neno gani la swali lililorukwa. Kwa heri hata somo lijalo.